Siku Mtani Alipolala Kwenye Njia ya Jeneza

Nimeishi katika miji mingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyopaswa kuishi. Kidato cha nne nilimaliza Morogoro, nikafanya kazi ya kibarua kiwandani hadi kiwanda kilipofungwa, nikashuka pwani, nikapanda Arusha, nikarudi pwani tena. Kila nilikohama niliacha godoro na jiko la mchina. Kitu kimoja sikuweza kukiacha popote, nacho ni mguu wa kushoto wa rafiki yangu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mashirika ya umma yalikuwa yakifa moja baada ya jingine, na kila mwenye mtaji alifungua kampuni. Kampuni iliyotuajiri mimi na rafiki yangu ilikuwa na chumba kimoja karibu na bandari ya Dar es Salaam, mashua moja ya injini, kompresa ya kujazia mitungi ya hewa na mkataba wa kukagua minyororo ya maboya. Tulizamia kukata minyororo iliyoliwa na kutu na kufunga mipya. Tulikuwa watatu tu wa majini: mimi, yeye, na fundi mkuu, mzee aliyestaafu jeshini ambaye tulimwamkia shikamoo hata akiwa amening'inia kwenye kamba na mpira mdomoni.

Rafiki yangu alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa kusini mwa jiji. Mimi Mluguru, na makabila hayo mawili ni watani. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hatukuitana kwa majina. Aliniita Mluguru, au mla kabichi, nami nikamwita mtani. Alikuwa na mke na mtoto mchanga wa kike, na mapafu ambayo fundi mkuu aliyasifu. Mtungi uliomtosha yeye dakika hamsini mimi niliumaliza kwa thelathini na tano.

Fundi mkuu alikuwa na ubao, na alipenda kufundisha. Alichora bahari na kuigawa kwa mistari ya mita kumi kumi. Juu ya maji, alisema, tunabeba uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukishuka mita kumi unabeba mara mbili ya huo, mita ishirini mara tatu. Mfuko wa hewa uliojaa juu, kwenye mita kumi unabaki nusu. Ndiyo maana masikio huanza kuuma hata kabla hujafika mita tatu: maji yanasukuma kiwambo cha sikio kuingia ndani, na hewa iliyo nyuma yake haitoshi kukisukuma nje. Unabana pua, unapuliza taratibu, hewa inapita kooni kwenda masikioni. Unaanza ukiwa bado juu na kurudia kila baada ya kimo kifupi, bila kungoja maumivu. Masikio yakigoma, unapanda kidogo na kujaribu tena. Yakiendelea kugoma, siku yako imekwisha, na wala hupulizi kwa nguvu kama mtu wa tarumbeta.

Habari ya pili ilikuwa ya naitrojeni, na hiyo aliirudia kila Jumatatu. Hewa ya mtungini ni hii hii tunayoivuta, sehemu kubwa yake naitrojeni. Chini ya mgandamizo inayeyuka na kuingia kwenye damu na nyama, na kadiri unavyokaa chini kwa muda na kwa kina ndivyo unavyojaa. Ukipanda polepole inatoka kwa kupumua, bila wewe kujua. Ukipanda haraka inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu yanaingia kwenye viungo, kwenye mishipa, kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo panda polepole kuliko mapovu yako madogo, usizuie pumzi kamwe, simama mita tano kwa dakika tatu, na ufuate jedwali linalosema ukae chini dakika ngapi na upumzike juu kwa muda gani kabla ya kurudi.

Ukutani kulikuwa na bango: usipande ndege mpaka kesho yake. Tulilicheka bango lile. Mtani wangu alisema bora wangeandika tusioe binti wa mfalme, maana uwezekano ulikuwa ule ule.

Siku moja tukiwa wawili tu, fundi mkuu aliniuliza kama nimeelewa kwa nini ndege. Nikamweleza jambo nililoliona utotoni. Mjomba wangu aliishi Mgeta, juu milimani, nami nilizoea kushuka kutoka kwake na chupa tupu ya plastiki niliyoifunga kizibo kule kule juu. Nikifika Morogoro mjini ilikuwa imebonyea, kama mtu ameiminya mkononi. Fundi mkuu alifurahi sana. Akasema huo ndio uzito wa hewa, kule kwenu ni mwepesi kuliko hapa, na ndege ni mlima tu unaokwenda. Akaninyooshea chaki.

“Basi wewe umeelewa kuliko wote. Ukizamia, usipande kwenu kabla ya kesho yake. Naitrojeni iliyobaki mwilini haijui kama umepanda ndege au lori la kabichi.”

Niliitikia. Nilielewa kabisa. Hilo ni la kukumbukwa katika yote yanayofuata.

Wiki ambayo mjomba alifariki nilikuwa nimekatazwa maji. Kosa lilikuwa langu. Siku tano kabla nilizamia na mafua, nikijidanganya kwa kidonge cha kuzibua pua. Kushuka nilishuka vizuri. Nikiwa chini kidonge kikaisha nguvu, njia ya masikio ikajifunga, na nilipoanza kupanda hewa ya ndani ilitanuka ikakosa pa kutokea. Maumivu yale sijayapata tena. Nilipanda nusu mita, nikashuka, nikapanda tena, nikameza mate na kutikisa taya kama mbuzi, na nilipofika juu miwani ilikuwa na damu ya pua. Fundi mkuu alinichungulia sikio kwa tochi, akasema nimshukuru Mungu kiwambo hakijapasuka, na akanipa kazi ya kukaa mashuani nishike saa na daftari.

Kwa hiyo mtani akazamia zamu zake na zangu. Siku nne mfululizo alishuka mara mbili kwa siku na fundi mkuu, nami nikaandika. Siku ya nne waliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mita ishirini na mbili, dakika ishirini na tano. Wakapumzika saa moja na nusu, wakanywa chai ya chupa. Wakarudi mita kumi na sita, dakika arobaini. Walisimama mita tano kila mara, nikaona kamba ikitulia. Hakuna mstari wa jedwali uliovukwa. Lakini jedwali lile lilitungwa kwa mtu anayebaki usawa wa bahari, na aliyejua hivyo mashuani, mbali na fundi mkuu, ni mimi.

Tulipofika ofisini saa nne fundi mkuu aliteremkia bandarini na karatasi zake. Simu ililia. Ilikuwa sauti ya dada yangu kutoka Morogoro: mjomba amefariki usiku, atazikwa kesho asubuhi, na bila mimi hawawezi kumfunika. Kwetu mtoto wa dada ndiye mwenye nyumba ya mjomba anapoondoka. Udongo wa kwanza ulikuwa wangu.

Nilipokata simu mtani alikuwa tayari anavaa viatu.

“Twende,” alisema. “Mluguru hazikwi bila Mzaramo kumtukana.”

Hakuwa anatania, au tuseme alikuwa anatania kwa haki. Mtani akisikia msiba haulizi kama anahitajika. Anakwenda, anafanya kazi zinazowashinda wafiwa, na anawachekesha hata wakijikaza. Mimi nilikuwa na sekunde chache za kusema, usije leo, njoo kesho kutwa, mwili wako bado una bahari. Sikusema. Niliogopa kufika peke yangu mbele ya jeneza la mtu aliyenilea, hilo ndilo jibu nililojipa kwa miaka. Na nilihesabu moyoni: tutafika jioni, saa nane zitakuwa zimepita, atakuwa amepumua kiasi cha kutosha. Nilijitungia jedwali langu. Hatukumsubiri fundi mkuu, na leo najua sababu. Angekataa.

Basi lilitufikisha Morogoro saa nane na nusu mchana. Njia nzima alikuwa akiwatania abiria; tulipopita Kingolwira akawaambia jirani zetu kwamba mimi nimetoroka pale gerezani na yeye ni askari ananirudisha. Tukadandia pikapu ya wachuuzi wa mboga inayorudi tupu. Baada ya Mzumbe na Mlali barabara ikaanza kupanda, pikapu ikilia kwa gia ya kwanza. Masikio yangu mabovu yalizibuka paa, paa, na kila yalipozibuka nilijua hewa inapungua uzito, na nilijua inapungua kwake pia. Nikamtazama. Alikuwa akila karoti mbichi.

Tulifika saa kumi na moja na nusu. Alianza kazi papo hapo, akapasua kuni, akabeba ndoo mbili za maji kutoka mtoni kupanda kilima. Fundi mkuu alikuwa ametuambia kazi nzito baada ya kuzamia huamsha mapovu. Nilimwona na ndoo zile nikanyamaza. Jua likiwa linazama alikuja kukaa nami kwenye benchi la nje, akishika bega la kulia.

“Hapa ndani panauma,” alisema. “Kama jino.”

Nikamwuliza kama panauma akigusa. Hapana, akasema, ukigusa hapaumi, panauma penyewe. Alikuwa pia anajikuna tumboni. Nilijua. Sikukisia, nilijua, kama mtu anavyojua jina lake. Na dawa ya kwanza nilikuwa nayo: kushuka. Pikapu ilikuwa bado inapakia kabichi barabarani, nami nilisikia injini yake.

Mkaza mjomba wangu, mjane mwenyewe, alitokea na kuuliza mgeni ana nini. Nilijibu mimi.

“Ni baridi, mama. Watu wa pwani hawaijui baridi yetu.”

Akamletea blanketi na chai ya tangawizi, na mama mmoja akamchua bega kwa mafuta ya nazi. Alisema anapata nafuu. Pikapu iliondoka.

Asubuhi alisema bega limepoa kidogo ila nyayo zinamchonyota, kama amekanyaga upupu. Nikamwambia abaki ndani. Alinicheka. Kazi yake kubwa ilikuwa bado.

Padri alimaliza misa saa nne, na wanaume tukabeba jeneza kwenye njia nyembamba ya kuteremkia makaburini, shamba la maharage upande huu, bonde upande ule. Kwenye kona njia ilikuwa imezibwa. Mtani wangu alikuwa amelala chali katikati, mikono kifuani, macho juu.

“Njia hii nimeinunua,” alitangaza. “Marehemu alikula kuku wa babu yangu. Hapiti mtu hadi kuku arudi.”

Watu walicheka, hata mkaza mjomba, mara ya kwanza tangu tufike. Mzee mmoja akamjibu kwamba Wazaramo hawajawahi kufuga kuku, wanafuga madeni. Wakatupa sarafu kifuani kwake, mama mmoja akampa kabichi. Akapokea, akashukuru kwa dua ndefu ya matusi. Kisha wakamwambia inuka sasa.

“Siwezi,” alisema. “Miguu haipo.”

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Wakamwongezea sarafu. Akasema tena kwamba miguu haipo, haki ya Mungu, mguu wa kushoto hausikii kabisa, na mzee yule akapiga magoti kwa furaha, akasema mtani huyu ametumwa na Mungu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa mbele wa jeneza. Macho yake yakanitafuta katika watu wote wale wanaocheka, yakanipata. Hayakuwa na utani ndani.

Nami nilicheka. Nimejaribu kuikumbuka siku ile kwa namna nyingine na siwezi. Nilitoa sauti ya kucheka kama wenzangu, kwa sababu kuacha kucheka kungekuwa kusema, na kusema kungesimamisha jeneza.

Vijana wanne wakamnyanyua juu juu kwa shangwe, kama anavyonyanyuliwa mtani mkaidi, wakampeleka barazani. Sisi tukashuka. Nilimwaga udongo wa kwanza. Niliitwa kwa jina la mjomba mbele ya watu. Yote hayo yalichukua saa nzima na nusu, nami sikukimbia hadi lilipowekwa shada la mwisho.

Nilimkuta barazani amelala ubavu, jasho linamtoka, kabichi bado liko pembeni yake. Alisema anataka kukojoa tangu asubuhi na haitoki. Hakuniita Mluguru. Alisema tu, “Nishushe.”

Tulimshusha na gari la mchuuzi, amelala kwenye magunia. Hospitalini Morogoro daktari kijana aliyekuwa zamu hakuwahi kuona mzamiaji, na hakujifanya amewahi. Alinisikiliza. Ndipo kwa mara ya kwanza nilieleza kila kitu kwa mpangilio, mita, dakika, saa, mlima, na nilivyokuwa nikieleza niliona anajiuliza kimya kimya mtu anayejua yote haya alikuwa wapi jana. Alimwekea barakoa ya oksijeni na dripu, akamwekea mpira wa mkojo. Oksijeni husaidia kuifukuza naitrojeni, lakini dawa yenyewe ni chemba ya chuma ambamo mgonjwa anarudishiwa mgandamizo kama ameshuka tena baharini, kisha anatolewa polepole kwa masaa. Wenzetu wavuvi wa majongoo bahari walikuwa wakirudi majini wenyewe kutafuta nafuu hiyo, na wengine hawakutoka. Chemba ya karibu ilikuwa Mombasa. Fundi mkuu alikuja na gari na mitungi miwili ya oksijeni. Mtu alitaja ndege ndogo, naye akasema ingempandisha mlima mwingine. Walikwenda kwa barabara ya pwani. Ilikuwa siku ya tatu walipofika.

Fundi mkuu hakunigombeza. Aliniuliza jambo moja, kama nilikumbuka chupa ya plastiki. Nikasema nilisahau.

Chemba ilimrudishia mkojo na mguu wa kulia. Wa kushoto ulirudi nusu, anauburuta. Hakuzamia tena. Akafungua kibanda cha kutengeneza injini za mashua kwao kusini mwa jiji, na mimi nikaanza kuhama. Kila baada ya miaka miwili mitatu nilikwenda kumwona, na kila mara aliwasimulia wateja kisa cha baridi ya Mgeta: baridi ya watu wale si ya kawaida, inaingia kwenye mfupa wa mgeni na kukaa. Alikisimulia vizuri. Alinionyesha kwa kidole, mla kabichi huyu ndiye alinipeleka, wateja wakacheka nami nikacheka. Walimweleza Mombasa habari ya mapovu, lakini aliamini mapovu yangetoka salama kama si baridi. Baridi ilikuwa neno langu. Nililisema mara moja kwenye benchi, naye akajenga juu yake maisha mazima.

Mwaka jana nilimkuta na binti yake, yule aliyekuwa mchanga. Sasa ni mwanamke anayejifunza kuwaongoza watalii majini. Alituwekea chai, akasema wiki ijayo wanamaliza mafunzo: Ijumaa asubuhi watazamia mara mbili, na mchana ule ule wataondoka na gari la wenzake kwenda Uluguru, walale juu kabisa wapande kilele Jumamosi. Alifurahi. Aliuliza kama namjua mtu wa kuwapokea.

Baba yake alitikisa kichwa. “Milima ile naijua. Chukua sweta mbili.”

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikitua. Nikamwambia binti asiende Ijumaa, aende Jumapili, na kama siku za kuzamia zimefuatana basi aongeze nyingine. Nikamweleza mlima ni sawa na ndege. Alisikiliza kama mwanafunzi, akasema kwenye kozi wametajiwa ndege, na milima ilitajwa kwa haraka. Kisha akamtazama mguu baba yake.

“Haikuwa baridi?”

“Haikuwa.”

“Baba mdogo, wewe ulijua lini?”

Ningeweza kusema hospitalini. Ningeweza kusema Mombasa.

“Kabla hatujapanda basi,” nilisema. “Fundi mkuu aliniambia mimi. Na jioni ile bega lilipoanza nilijua ni nini, na gari lilikuwapo.”

Rafiki yangu alikuwa ameshika bisibisi. Aliifuta kwa kitambaa upande mmoja, akaigeuza, akafuta upande wa pili. Nilingoja anitukane. Kwa miaka yote ile hakuwahi kukosa tusi la kunipa, na siku ile nililihitaji kuliko chakula. Binti alitoka nje na simu, nikamsikia akiwaambia wenzake safari imesogea, hapana, si kwa sababu ya fedha, nitawaeleza.

Baba yake aliinuka kwa kushikilia meza, akaburuta mguu hadi mlangoni, akanipa mkono.

“Ahsante kwa kumwambia mtoto, bwana,” alisema. “Safari njema.”

Aliniita bwana. Nimekwenda mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili amenikaribisha kiti, ameniuliza habari za afya, na ameniita bwana.